Orodha inayokwama na memori inayovuja: magonjwa mawili yenye dalili moja

Kando ya barabara inayoteremka kutoka Uyole kwenda Tukuyu kuna kituo cha kukusanyia parachichi ambako, msimu ukikolea, karani mmoja hupokea mizigo ya wakulima tangu asubuhi mpaka giza linapoingia. Kila mzigo ukishapimwa, karani huandika jina la mkulima, kilo na daraja la tunda, kisha hupiga picha ya stakabadhi iliyotiwa saini, na yote hayo huingia kwenye programu ya simu niliyoiandika mimi mwenyewe. Niliiandika nikiwa Mbeya mjini, kwenye simu yangu yenye memori ya gigabaiti 8, nikiijaribu kwa orodha ya mizigo 12. Simu ya kituo ina memori ya gigabaiti 2, na siku nzuri ya msimu kituo hupokea mizigo ipatayo 120.

Malalamiko yalipoanza kunifikia niliyachukulia kuwa ni lalamiko moja, kwamba programu ni nzito, nikapoteza siku mbili kutafuta kosa moja lisilokuwepo. Hatimaye nilipanda Kosta nikaenda kuiona simu yenyewe. Baada ya kuniitikia shikamoo, karani, mama wa makamo anayeandika haraka kuliko mimi, alisema: "Mwanangu, asubuhi hiki kitu chako kinakimbia, lakini ikifika saa sita kinatembea kwa magoti. Halafu nikifungua kamera, nikirudi nakuta kimejifunga, naanza upya kuandika."

Tatizo la kauli hiyo ni kwamba ina maelezo mawili yanayolingana nayo kwa usawa. Asubuhi orodha ni fupi na mchana ni ndefu, kwa hiyo inawezekana programu inashindwa na urefu wa orodha. Lakini pia asubuhi programu imefunguliwa muda mfupi tu, na ifikapo mchana karani ameshaingia na kutoka kwenye kurasa zake mara nyingi, kwa hiyo inawezekana kuna memori inayovuja kidogo kidogo tangu alfajiri. Swali la kuyatenganisha ni jepesi na halihitaji hata kompyuta: saa sita hiyo hiyo, orodha ikiwa ndefu, ukiifunga programu kabisa na kuifungua tena, je, wepesi unarudi? Ukirudi wote, kosa ni uvujaji, kwa kuwa kufunga kumerudisha memori ilhali orodha haijapungua. Usiporudi kabisa, kosa liko kwenye orodha yenyewe. Nilimwuliza, naye akajibu bila kusita: "Kinapata nafuu, lakini si kama cha asubuhi."

Nafuu ya nusu maana yake ni kwamba magonjwa ni mawili.

Kupima kabla ya kugusa msimbo

Skrini ya simu ile hujichora upya mara 60 kwa sekunde, hivyo kila fremu, yaani kila mchoro mmoja wa skrini, ina takriban milisekunde 16.7 za kutayarishwa. Ndani ya muda huo uzi mkuu wa programu, yaani ule mfululizo mmoja wa kazi unaoshughulikia skrini, unapaswa kupokea mguso wa kidole, kuweka data kwenye mistari mipya inayojitokeza, kupima ukubwa wa kila kipande na kutoa maagizo ya kuchora. Ukichelewa, fremu iliyotangulia hubaki skrini kwa zamu nyingine, na jicho huona kukwama. Simu yenye skrini ya mara 90 kwa sekunde ina bajeti ndogo zaidi, takriban milisekunde 11, ndiyo maana wakati mwingine simu ya bei kubwa hukwama pale ambapo ya bei ndogo haionyeshi lolote.

Android huhesabu fremu hizi yenyewe. Ukiunganisha simu kwa waya na kompyuta, unafuta hesabu ya zamani, unasogeza orodha kwa kidole kwa nusu dakika jinsi mtumiaji anavyofanya, kisha unasoma matokeo:

```
adb shell dumpsys gfxinfo tz.mfano.mizigo reset
adb shell dumpsys gfxinfo tz.mfano.mizigo
```

Kipimo hiki kifanywe kwenye toleo la kutolewa kwa watumiaji, si kwenye toleo la mwandishi la kutafutia makosa, kwa sababu toleo hilo la pili huwa zito kwa asili yake na litakupeleka kurekebisha vitu visivyo na ugonjwa. Haya ndiyo niliyoyasoma pale kituoni, yakiwa yamepunguzwa kubakiza yenye maana:

```
Total frames rendered: 412
Janky frames: 61 (14.81%)
50th percentile: 12ms
90th percentile: 34ms
99th percentile: 450ms
```

Wengi husoma mstari wa pili tu, kwamba fremu 61 kati ya 412 zilichelewa, wakaishia hapo. Mistari mitatu ya mwisho ndiyo inayozungumza. Nusu ya fremu zilikamilika ndani ya milisekunde 12, yaani usogezaji wenyewe haukuwa na shida. Lakini fremu moja katika kila mia ilichukua milisekunde 450 au zaidi, karibu nusu sekunde. Kama kila mstari wa orodha ungekuwa mzito kuuandaa, nusu ile ya kwanza nayo ingepanda mpaka milisekunde 20 au 30. Orodha iliyo nyepesi muda mwingi kisha inaganda ghafla haisumbuliwi na uzito wa mistari yake. Kuna jambo linaloijia mara kwa mara na kuisimamisha, na kazi ni kulitafuta jambo hilo. Nilipokaa nikaitazama simu bila kuigusa, niliona mgando unakuja kila mara alama ya kijani ya "imetumwa" inapojitokeza kwenye mzigo mmojawapo. Nitalirudia hilo.

Ugonjwa wa kwanza: orodha iliyojengwa yote kwa mkupuo

Kipande kikuu cha orodha kwenye Android, `RecyclerView`, kimejengwa juu ya wazo la kubana matumizi. Kama skrini inatosha mistari tisa, kinatengeneza mistari tisa na michache ya akiba, na mstari unapotoweka juu unachukuliwa, unawekewa data nyingine, na kuingizwa tena kwa chini. Orodha ya mizigo 120 na ya mizigo 12,000 hutumia idadi ile ile ya mistari halisi. Ni kama daladala zinazozunguka kati ya Mwanjelwa na Uyole: abiria ni maelfu, magari ni yale yale.

Sharti lake ni kwamba orodha ijue mwisho wa dirisha lake. Mimi nilikuwa nimelivunja sharti hilo bila kujua. Nilitaka kadi ya muhtasari wa siku, yenye jumla ya kilo, ipande pamoja na orodha mtumiaji anaposogeza, nikaiweka kadi na orodha pamoja ndani ya `NestedScrollView`, na urefu wa orodha nikauandika `wrap_content`. Kwa mpangilio huo orodha haina dirisha. Inaulizwa, "Una urefu gani kwa jumla?", na ili ijibu inalazimika kujenga mistari yote 120, kuipima na kuijumlisha. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Kwa mizigo 12 hakuna binadamu atakayeona tofauti.

Kuna njia mbili za kuugundua ugonjwa huu kwa uhakika. Ya kwanza ni kuweka amri moja ya kuandika kwenye logi ndani ya `onCreateViewHolder`, mahali mstari mpya unapozaliwa, kisha kufungua ukurasa bila kuigusa skrini. Kwenye simu yenye dirisha la mistari tisa ningetarajia idadi kama hiyo. Nilihesabu 120. Ya pili haihitaji kubadili msimbo:

```
adb shell dumpsys meminfo tz.mfano.mizigo
```

Chini ya matokeo, kwenye sehemu ya `Objects`, kuna neno `Views`, ambalo ni idadi ya vipande vyote vya skrini vilivyo hai ndani ya programu, kila andiko, kila picha na kila kisanduku. Mstari wangu mmoja ulikuwa na vipande tisa, hivyo mistari 13, ile tisa pamoja na ya akiba, ilipaswa kuleta kama 117, ukiongeza vya ukurasa wenyewe. Ilisomeka `Views: 1124`. Mara 120 kwa tisa ni 1080, na tofauti iliyobaki ni ukurasa. Hesabu ilijifunga yenyewe.

Sasa mgando wa kila alama ya kijani unaeleweka. Programu inatuma mizigo kwenye seva taratibu kadiri mtandao unavyoruhusu, na kila mzigo unapofika, mimi nilikuwa ninaita `notifyDataSetChanged()`, amri inayoiambia orodha kwamba kila kitu kimebadilika. Orodha yenye dirisha huandika upya mistari ya kwenye dirisha tu, na madhara huwa madogo. Orodha yangu, isiyo na dirisha, iliandika upya na kupima upya mistari yote 120 kwa ajili ya alama moja ya kijani, na hizo ndizo milisekunde 450.

Picha nazo ziliongeza mzigo. Kamera ya simu ile hutoa picha ya pikseli 3264 kwa 2448. Faili lake lililobanwa ni dogo, lakini likishafunguliwa kwa ajili ya kuchorwa kila pikseli hukalia baiti 4, hivyo picha nzima ingechukua takriban megabaiti 32. Nilikuwa nimelijua hilo, na nilikuwa nimeipunguza mara nane kila upande kwa `inSampleSize`, ikabaki pikseli 408 kwa 306, yaani kama kilobaiti 500. Nilijiona mwangalifu. Lakini nafasi ya picha kwenye mstari ni pikseli 112 kwa 112, inayohitaji takriban kilobaiti 50 tu. Nilikuwa nabeba mara kumi ya kinachohitajika, na kwa kuwa mistari yote 120 ilikuwa hai kwa pamoja, picha peke yake zilikalia kama megabaiti 60.

Hapa ndipo zile siku mbili zilipotelea. Nilikuwa nimeiangalia memori ya upande wa Java, mahali vitu vya kawaida vya programu vinapokaa, nikakuta imetulia kabisa. Tangu Android 8.0, iliyotoka mwaka 2017, pikseli za picha hazikai huko tena. Zinakaa kwenye sehemu iitwayo `Native Heap`, ambayo kikomo cha memori ya Java hakiihesabu. Matokeo yake ni mawili. Kipimo kinachotazama Java peke yake hakioni kitu, na programu inapozidisha picha haianguki kwa lile kosa maarufu la kuishiwa memori lenye maelezo marefu, bali mfumo wenyewe huiondoa kimya kimya simu inapobanwa. Kamera inadai memori nyingi, programu iliyonona iko nyuma yake haionekani, mfumo unachagua, na karani anarudi kukuta imejifunga. Kwenye ripoti zangu za kuanguka hapakuwa na hata mstari mmoja.

Tiba ilianza na mpangilio. Nilikiondoa kile kisanduku cha kusogeza, orodha nikaipa urefu wa `match_parent`, na kadi ya muhtasari nikaifanya kuwa mstari wa kwanza wa orodha hiyo hiyo kwa kuziunganisha adapta mbili, adapta ikiwa ni kipande kinachoipa orodha data na mistari yake:

```kotlin
private val yote = ConcatAdapter(muhtasari, mizigo)
```

Kisha `notifyDataSetChanged()` nikaiacha, adapta ya mizigo nikaijenga juu ya `ListAdapter`, ambayo hulinganisha orodha ya zamani na mpya nje ya uzi mkuu na kugusa tu mstari uliobadilika. Uundaji wa tarehe na tarakimu za kilo, ambao nilikuwa ninaufanya upya kila mstari unapowekewa data, niliuhamishia pale data inaposomwa kutoka hifadhidata, ufanyike mara moja.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia na ambalo nawaonya wengine. Orodha ilipoanza kutumia tena mistari kwa mara ya kwanza katika maisha yake, picha zilianza kuhama. Karani angesogeza haraka, na stakabadhi ya mkulima mmoja ingeonekana kwenye jina la mwingine kwa sekunde moja au mbili, na pengine kubaki hapo. Sababu ni kwamba picha ilikuwa inafunguliwa kwenye uzi wa pembeni, na ilipokuwa tayari, mstari ulioiomba ulikuwa umeshachukuliwa na mkulima mwingine. Kosa hilo lilikuwepo tangu mwanzo, ila lilifunikwa na orodha isiyorejelea mistari. Mahali ambapo stakabadhi ni ushahidi wa fedha ya mtu, hili ni zito kuliko kukwama kote nilikokueleza. Unaweza kulitibu kwa mkono, kwa kulifuta ombi la zamani kila mstari unapopewa data mpya, lakini mimi nilitumia maktaba ya Coil, ambayo hulifuta yenyewe ombi lililotangulia la kisanduku kile kile na pia huifungua picha kwa ukubwa wa kisanduku chake. Kilobaiti 500 zikashuka kuwa 50 bila mimi kupiga hesabu yoyote.

Ugonjwa wa pili: ukurasa uliokufa usiozikwa

Baada ya marekebisho hayo orodha ilifunguka kwa wepesi na `Views` ilisomeka 171. Kama ningekuwa na haraka ningerudi mjini. Lakini karani alikuwa amesema nafuu ya nusu, na nusu ya pili ilikuwa haijaguswa.

Memori iliyonona na memori inayovuja hutofautishwa kwa umbo la mwenendo wake. Iliyonona hupanda mara moja ukurasa unapofunguka, kisha hutulia hapo juu. Inayovuja hupanda ngazi moja kila unaporudia tendo lile lile, na haishuki. Kwa hiyo kipimo chake ni kurudia. Nilichagua tendo ambalo karani hulifanya kila mzigo unapopokelewa, yaani kugusa mstari, kuingia ukurasa wa maelezo, na kurudi kwenye orodha. Nilifanya hivyo mara kumi, nikasubiri kidogo, nikasoma tena `Views`. Iliyokuwa 171 ilikuwa imepita 1,500, na kadiri nilivyorudia ndivyo ilivyozidi. Kusubiri ni muhimu, maana vitu vilivyoachwa hubaki vikihesabiwa mpaka mfagiaji wa memori apite, na mtu asiyesubiri anaweza kuona uvujaji mahali pasipo nao. Takwimu ikishuka yenyewe baada ya muda, hapakuwa na kosa.

Kujua kwamba inavuja hakuelezi inavujia wapi. Kwa kazi hiyo nilitumia LeakCanary, maktaba ya Square inayoingizwa kwenye toleo la mwandishi peke yake:

```
debugImplementation("com.squareup.leakcanary:leakcanary-android:2.14")
```

Kila ukurasa unapotangazwa kuwa umekufa, LeakCanary huuwekea alama, husubiri sekunde tano, na ukiwa bado uko hai huuhesabu kuwa umekwama. Waliokwama wakiongezeka inachukua picha ya memori nzima na kufuata kamba kutoka kwenye kitu kilicho hai mpaka kwa marehemu. Inapochukua picha hiyo programu huganda kwa sekunde kadhaa, ndiyo sababu nimesema wepesi usipimwe kwenye toleo hili. Kamba yangu, nikiifupisha, ilikuwa hivi:

```
MizigoFragment instance   Leaking: NO
  ↓ MizigoFragment.yote
ConcatAdapter instance
  ↓ RecyclerView$Adapter.mObservable
  ↓ Observable.mObservers
RecyclerView$RecyclerViewDataObserver instance
  ↓ this$0
RecyclerView instance     Leaking: YES
```

Husomwa kutoka juu kwenda chini, na mahali pa kutazama ni kati ya `NO` ya mwisho na `YES` ya kwanza, kwa sababu kosa liko kwenye kiungo kimojawapo hapo katikati. Juu kuna `MizigoFragment`, ukurasa wa orodha, ambao una haki ya kuwa hai. Mtumiaji anapoingia kwenye maelezo, Android huviharibu vipande vya skrini vya ukurasa wa orodha lakini huutunza ukurasa wenyewe, ili kitufe cha kurudi kifanye kazi. Ukurasa una maisha mawili, ya kwake na ya sura yake, na sura huzaliwa na kufa mara nyingi ndani ya uhai mmoja wa ukurasa. Uvujaji mwingi wa programu zenye orodha hutokea kwenye mwanya huo.

Chini ya ukurasa kuna adapta, niliyoiandika kama mali ya ukurasa, kwa hiyo nayo inaishi maisha marefu. Adapta ina daftari la wasikilizaji wa kuarifiwa data inapobadilika, na orodha inapopewa adapta hujiandikisha humo. Sura ikiharibiwa, hakuna anayelifuta jina la orodha ile kwenye daftari. Karani akirudi kutoka kwenye maelezo, sura mpya huzaliwa na orodha mpya hujiandikisha chini ya ya zamani. Ifikapo mchana daftari lina majina kadhaa ya marehemu, kila mmoja akishikilia mistari yake na picha zake, na kila alama ya kijani inapokuja adapta inawaita wote kwa majina, hai na wafu. Kabla ya tiba ya kwanza kila marehemu alikuwa amebeba si mistari 13 bali orodha nzima ya wakati huo, pamoja na picha za kilobaiti 500. Mzigo wa ugonjwa wa kwanza ulikuwa unazidishwa na idadi ya ugonjwa wa pili.

Kilichonifanya nisiushuku ukurasa huu ni kwamba nilikuwa nimefanya kile ambacho kila mafunzo hufundisha, yaani kukata kiungo cha ukurasa na sura yake kwa `_binding = null` sura inapoharibiwa. Kamba ile inaonyesha kwamba haikupita huko. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele ilhali orodha inashikwa kwa mlango wa nyuma. Tiba ni mstari mmoja, nao lazima utangulie ule wa zamani:

```kotlin
override fun onDestroyView() {
    binding.orodha.adapter = null
    _binding = null
    super.onDestroyView()
}
```

Orodha ikinyang'anywa adapta hujifuta yenyewe kwenye daftari. Njia nyingine ni kutengeneza adapta upya kila sura inapozaliwa, ili zife pamoja, na kwa ukurasa mdogo ningeichagua hiyo kwa kuwa haitegemei mtu kukumbuka mstari. Hapa nilitaka adapta ibaki, maana data yake ilikuwa tayari na orodha inarudi pale pale ilipoachwa.

Nilirudia matembezi kumi ya kwenda maelezo na kurudi. `Views` ilipanda mara ya kwanza, ikatulia, ikashuka hadi 171 mfagiaji alipopita. LeakCanary ilinyamaza. Kwenye toleo la kutolewa, kwa orodha ya mizigo 120 na utumaji ukiendelea, nilipata fremu 14 zilizochelewa kati ya 430, na ile asilimia ya 99 ilishuka kutoka milisekunde 450 hadi 38. Hizo chache zilizobaki hutokea ukurasa unapofunguka mara ya kwanza, mistari michache inapojengwa na picha zinapofunguliwa, na sikuona sababu ya kuzifukuza, kwa kuwa hakuna anayesogeza kidole katika nusu sekunde ile.

Lalamiko la kamera lilipungua sana lakini halikuisha, na halitaisha kwa kubana memori. Simu ya gigabaiti 2 yenye kamera wazi ina haki ya kuifukuza programu yoyote iliyo nyuma, hata iliyokonda, na mwandishi hana uwezo wa kuizuia. Kosa halisi hapo lilikuwa langu la aina nyingine: jina na kilo vilikuwa vinakaa kwenye skrini tu mpaka karani aguse "Hifadhi". Sasa kila herufi anayoandika inaingia kwenye rasimu ndani ya hifadhidata, na programu inapofunguliwa upya hutafuta kwanza rasimu iliyoachwa njiani na kuirudisha pamoja na picha. Nilipompigia wiki iliyofuata kumwuliza kama bado kinajifunga, karani alisema hana hakika, pengine kinajifunga, lakini akirudi anakuta jina la mkulima liko palepale.